Vikombe 15 au vikombe 71? Hesabu ya kibanda kimoja cha kahawa Mtwara mjini

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mhusika, mtaa na kila kinachoweza kumtambulisha nimeviondoa, na viwango vya fedha nimevisawazisha kidogo ili hesabu isomeke kwa urahisi bila kupoteza uhalisia wake. Mwenye kibanda ameridhia kiandikwe. Nitamwita Mwenye Kibanda tu.

Mazingira ya biashara

Mwenye Kibanda ni mama wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akiuza chakula kwa kusaidiana na dada yake. Mwishoni mwa Agosti alipata kibanda kizuri Mtwara mjini, mahali penye watu wa ofisini upande mmoja na bodaboda na abiria upande mwingine. Wazo lake lilikuwa wazi: kahawa ya maziwa iliyotengenezwa vizuri, kwenye kikombe cha karatasi chenye mfuniko, ya mtu kupita na kuondoka nayo. Kahawa yenyewe ya Mbinga, inayoletwa kwa barabara ya Songea na Masasi. Kahawa chungu ya tangawizi angeiweka pembeni, kwa ajili ya wazee na bodaboda, maana kibanda cha kahawa cha huku pwani kisicho na kahawa chungu watu watakishangaa.

Pango lilikuwa Sh 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh 720,000. Alilipa kutoka kwenye akiba yake. Vifaa, yaani majiko ya gesi, sufuria, chupa za chai, jokofu dogo la mtumba, meza na mabenchi, vilimgharimu Sh 1,440,000.

Kabla ya kufungua alikaa chini na daftari. Hili nalisema kwa heshima, kwa sababu wengi hawafanyi. Aliorodhesha gharama za kila mwezi ambazo atalipa hata asipouza kikombe kimoja: pango 120,000, msaidizi 150,000, mchango wa mlinzi 20,000, taka na usafi 10,000, umeme wa luku 20,000. Jumla Sh 320,000. Kisha akapiga gharama ya kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa: kahawa gramu 10 ni Sh 200, maziwa mililita 120 ni Sh 300, sukari 40, gesi na maji 30, kikombe cha karatasi na mfuniko 100. Jumla Sh 670. Bei ya kuuzia Sh 1,500. Kwa hiyo kila kikombe kinabakiza Sh 830 za kusaidia kulipa zile gharama za mwezi.

Hizo 830 nitaziita ziada ya kikombe. Bado si faida. Zinaanza kuwa faida pale tu gharama za mwezi zinapokwisha kulipwa zote.

Akagawa 320,000 kwa 830, akapata vikombe 386 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni vikombe 15 kwa siku. Hapo ndipo angekuwa hapati faida wala hapati hasara, yaani kiwango cha kusawazisha. Alipojiuliza kama anaweza kuuza vikombe 40 kwa siku mahali pale, jibu lilikuwa ndiyo. Akafungua Septemba.

Mambo yalivyokwenda

Wateja walikuja. Oktoba msimu wa korosho ulianza, mji ukachangamka, na hadi Desemba kibanda hakikukauka watu. Kila jioni aliangalia droo, akatoa ya bidhaa za kesho na ya msaidizi, na iliyobaki alikwenda nayo nyumbani. Matumizi ya watoto yalitoka humo, na mwezi wa Januari ada pia.

Januari mauzo yalishuka, lakini droo haikuwahi kuwa tupu. Mwishoni mwa Februari mwenye nyumba akapita. Mwenye Kibanda alimwamkia, akampa kahawa, kisha mzee akasema, "Mwanangu, mwezi ujao tunaanza nusu mwaka nyingine. Utaratibu wetu ni uleule." Sh 720,000. Kwenye droo kulikuwa na Sh 64,000, na kwenye simu hakukuwa na cha maana.

Aliponiita, swali lake lilikuwa moja: "Mimi nauza vikombe arobaini na zaidi kila siku. Hesabu ilisema kumi na tano vinatosha. Hela inakwenda wapi?" Alikwisha kumshuku msaidizi wake, na hilo lilimtesa kuliko deni la pango.

Mzee alikubali kumpa majuma matatu. Tulichofanya kwanza hakikuhitaji utaalamu wowote. Tulibandika karatasi ukutani yenye safu mbili, M kwa maziwa na CH kwa chungu, na kila kikombe kinachotoka msaidizi anachora kijiti. Majuma mawili. Wakati huohuo tulihesabu boksi za vikombe vya karatasi zilizonunuliwa na kutumika.

Karatasi ya ukutani ilionyesha nini

Wastani ulikuwa vikombe 45 kwa siku. Hapo Mwenye Kibanda alikuwa anasema kweli tupu. Lakini kati ya hivyo 45, vya maziwa vilikuwa 12 tu. Vilivyobaki 33 vilikuwa kahawa chungu ya Sh 500.

Hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo, na naomba msomaji atulie nami kidogo. Kikombe cha kahawa chungu kilikuwa na kahawa gramu 8 za Sh 160, sukari 40, na gesi, tangawizi na maji 50. Jumla Sh 250. Kingekuwa kinabakiza Sh 250 kama kingenywewa kwenye glasi. Lakini naye alikimimina kwenye kikombe cha karatasi cha Sh 100, kwa sababu hivyo ndivyo kibanda kilivyojitambulisha. Ziada ikashuka hadi Sh 150. Karatasi ilikuwa inakula shilingi mbili katika kila tano za ziada ya kahawa chungu, hata kwa mzee aliyekaa kwenye benchi saa nzima na wala haendi popote na kikombe hicho.

Boksi nazo zilikuwa na la kusema. Vikombe 45 kwa siku 26 ni 1,170, lakini kwa kasi ya matumizi tuliyoiona, mwezi ungemaliza boksi 26 za vikombe hamsini, yaani 1,300. Vikombe 130 havikuwa na mauzo. Haikuwa wizi. Kahawa chungu inatoka ikiwa ya moto kiasi kwamba karatasi inaunguza vidole, na bodaboda akilalamika anawekewa kikombe cha pili juu ya cha kwanza. Nilisimama pale asubuhi moja nikaona kwa macho yangu: mkono wa msaidizi ulikuwa unavuta vikombe viwili bila hata kufikiri. Nafurahi tulihesabu boksi kabla ya mtu yeyote kumtuhumu yule binti.

Upotevu mwingine ulikuwa maziwa. Alinunua lita mbili kila asubuhi, Sh 2,500 kwa lita, kwa ajili ya wateja aliowapanga kwenye daftari. Vikombe 12 vinatumia chini ya lita moja na nusu. Iliyobaki ilichemshwa, ikakaa na joto la Mtwara, jioni ikamwagwa. Ukijumlisha maziwa, vikombe vya ziada na kahawa kidogo inayobaki kwenye chupa, ni kama Sh 2,000 kwa siku, au Sh 52,000 kwa mwezi.

Hesabu ikipigwa upya

Kwa siku: vikombe 12 vya maziwa mara 830 ni 9,960. Vikombe 33 vya chungu mara 150 ni 4,950. Ziada ya siku ni Sh 14,910. Kwa mwezi ni Sh 387,660. Toa upotevu 52,000, toa gharama za mwezi 320,000, inabaki Sh 15,660. Hiyo ndiyo iliyokuwa malipo ya mama anayefungua saa kumi na moja na nusu alfajiri na kufunga magharibi.

Mbona basi droo ilikuwa na fedha kila siku? Kwa sababu pango lilikwisha kulipwa Agosti. Mwezi hadi mwezi hakuna aliyekuja kudai 120,000, kwa hiyo zilikaa kwenye droo zikionekana kama faida. Aliona takriban Sh 135,000 kwa mwezi wa kawaida, akazipeleka nyumbani kwa nia safi. Alikuwa anakula pango la nusu mwaka ijayo kidogo kidogo.

Kuna mambo mawili ambayo daftari la kwanza halikuyaweka kabisa. La kwanza ni malipo yake mwenyewe. Tulipomuuliza angelipwa kiasi gani kama angefanya kazi hiyo kwa mtu mwingine, alisema Sh 200,000, na nadhani alijipunja. La pili ni uchakavu. Vifaa vya Sh 1,440,000, tukikadiria vitadumu miaka mitatu, vinadai Sh 40,000 kila mwezi ili siku jokofu likifa usikimbilie mkopo. Ukiongeza hayo mawili, gharama za kudumu zinafika 560,000, na pamoja na upotevu ni 612,000.

Sasa gawa. Wastani wa ziada ya kikombe, kwa mchanganyiko halisi wa wateja wake, ni 14,910 kwa vikombe 45, yaani Sh 331. Ukigawa 612,000 kwa 331 unapata takriban vikombe 1,850 kwa mwezi, au 71 kwa siku. Hicho ndicho kilikuwa kiwango chake cha kweli cha kusawazisha, mahali pa vile 15. Na kwa jiko lile na foleni ile ya asubuhi, ambapo tayari tulikuwa tunaona watu wanaangalia saa na kuondoka, vikombe 71 visingewezekana. Kwa hiyo kumwambia "ongeza wateja" ungekuwa ushauri wa bure. Kilichotakiwa kubadilika ni kiasi ambacho kila kikombe kinabakiza.

Maamuzi na sababu zake

Wazo la kwanza la Mwenye Kibanda lilikuwa kumwachisha msaidizi aokoe 150,000. Tulilijadili kwa uzito, kwa kuwa ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Tukaliacha. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi ndipo zaidi ya nusu ya vikombe vya maziwa vinauzwa, na mtu mmoja hawezi kuchemsha maziwa, kumimina, kupokea fedha na kurudisha chenji kwa wakati mmoja. Angepoteza wale wateja wa 830 ili abaki na wale wa 150.

Wazo la pili lilikuwa kupandisha kahawa chungu hadi 700 kwa wote. Hili nalo alilikataa mwenyewe, na alikuwa sahihi. Wauza kahawa wa kutembea na birika wanapita mtaa uleule kwa bei ya chini zaidi. Aliyekaa kwenye benchi anaweza kunyanyuka tu.

Aliloamua ni hili. Anayekaa anakunywa kwa glasi, Sh 500 ileile. Anayetaka kuondoka na karatasi analipa 600, na mwenye kikombe chake analipa 500. Kwa njia yoyote kati ya hizo tatu, kahawa chungu inabakiza Sh 250. Alinunua glasi nene dazeni mbili na beseni la pili la kuoshea. Maziwa alishusha hadi lita moja na nusu, akikubali kwamba siku nyingine yataisha kabla ya alasiri.

Kisha akaongeza kitu ambacho hakihitaji jiko: korosho zilizokaangwa, pakiti ndogo ya Sh 1,000, anazopewa mali kauli na mama mmoja kwa Sh 700. Isiyouzwa inarudi. Pakiti moja inabakiza Sh 300, zaidi ya glasi ya kahawa chungu, na haiongezi foleni. Kwa mji wa korosho inashangaza kwamba mezani pake palikuwa na biskuti za pakiti.

Kuhusu pango, alirudi kwa mzee na karatasi yake ya hesabu. "Shikamoo baba. Nakuomba unipokelee kwa miezi mitatu mitatu, na kila mwisho wa juma nije nikuonyeshe kibubu." Mzee alikubali miezi mitatu. Kibubu hakutaka kukiona. Sh 360,000 za kwanza zilitoka nusu kwa kikundi chake cha kuweka na kukopa, nusu kwa dada yake. Tangu siku hiyo, Sh 4,700 zinaingia kwenye kibubu kila jioni kabla ya fedha nyingine yoyote kuguswa. Ni 120,000 zilizogawanywa kwa siku 26 na kusogezwa juu kidogo.

Matokeo

Mabadiliko yalianza Machi, na mwaka huo mfungo wa Ramadhani uliangukia humohumo, kwa hiyo mwezi wa kwanza haukuwa wa kupimia. Mchana ulikufa. Alihamishia kazi usiku, baada ya futari hadi saa nne, ambako kahawa chungu ilitoka vizuri na ya maziwa haikutoka. Ziada ya siku ilikuwa kama Sh 11,000, au 286,000 kwa mwezi, dhidi ya gharama taslimu za 320,000. Alipungukiwa Sh 34,000.

Ndugu zake walimshauri afunge hadi Idi. Lakini kufunga hakufuti pango, mlinzi wala taka: 150,000 zingemsubiri hata kama msaidizi angekwenda likizo bila malipo na luku ikakaa kimya. Kufungua kulimpa upungufu wa 34,000, kufunga kungempa wa 150,000. Mwezi mbaya swali si kama unafikia kiwango cha kusawazisha. Swali ni kama kila glasi bado inabakiza kitu cha kupunguza gharama ambazo zipo tu.

Mwezi uliofuata Idi karatasi ya ukutani ilionyesha hivi kwa siku: maziwa 12, chungu 30, korosho pakiti 10. Wateja watatu wa kahawa chungu walipotea, tunadhani kwa sababu ya ile 600. Ziada ya siku ikawa 9,960, jumlisha 7,500, jumlisha 3,000, sawa na Sh 20,460. Kwa mwezi Sh 531,960. Upotevu ulishuka hadi kama 13,000. Baada ya gharama taslimu na uchakavu, alibakiwa na Sh 158,960 kama malipo yake. Lengo lilikuwa 200,000, hivyo bado hajalifikia. Lakini sasa hiyo ni fedha yake kweli, na pango liko kwenye kibubu.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kosa la hesabu ya kwanza halikuwa kwenye kugawa. Kugawa kulikuwa sawa. Kosa ni kwamba ilichukua ziada ya kikombe kizuri kuliko vyote ikaitumia kwa kila mteja atakayekuja. Biashara yenye bidhaa mbili za ziada tofauti haina kiwango kimoja cha kusawazisha kwa vikombe. Kinahama kila mchanganyiko unapohama, hata kama idadi ya wateja haibadiliki. Kwa sababu hiyo tulimwachisha kabisa kuhesabu kwa vikombe. Sasa anahesabu kwa ziada ya siku: 560,000 na upotevu wa 13,000, gawa kwa siku 26, ni kama Sh 22,050. Jioni anajumlisha M mara 830, CH mara 250, korosho mara 300, analinganisha na namba hiyo iliyoandikwa ukutani. Bado anapungukiwa na karibu Sh 1,600 kwa siku, ambazo ni vikombe viwili vya maziwa. Ndiyo maana sasa anaomba ofisi mbili za jirani zimpe oda ya asubuhi, badala ya kutafuta wanywaji wapya wa kahawa chungu, ambao angewahitaji saba kwa kazi hiyohiyo.

Glasi zilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Bei mbili za kahawa chungu zilileta maneno majuma ya mwanzo, na msaidizi alipata tabu kueleza hadi tulipoandika bei kwenye ubao. Maziwa yakiisha mapema ni gharama isiyoonekana kwenye karatasi: mteja wa saa tisa aliyeambiwa hayapo hachorewi kijiti. Nimemwomba aanze kuwaandika pembeni. Wakifika wawili kwa siku, nusu lita ile inarudi.

Jambo analolalamikia zaidi ni bei ya sukari, na hapo nadhani jicho lake liko pasipostahili. Sukari ikipanda kutoka 3,000 hadi 4,000 kwa kilo, kila kikombe kinaongezeka shilingi 13 tu. Kahawa ya unga ikipanda kutoka 20,000 hadi 26,000 kwa kilo, kahawa chungu inapoteza Sh 48 kati ya 250 zake, karibu moja ya tano, na ya maziwa inapoteza 60. Kwa mauzo yake ya sasa hiyo ni zaidi ya Sh 2,100 kwa siku, na kiwango cha kusawazisha kinakwenda mbali tena. Tumekubaliana kwamba kilo ikivuka 23,000 tunapiga hesabu upya siku hiyohiyo, tukianza na bei ya kahawa ya maziwa, ambayo wateja wake wa ofisini hawajawahi kuilalamikia.